Shea, mafuta ya nazi au mafuta ya mgando: yapi yanafaa zaidi kwa ngozi kavu?

Mkazi wa Njombe: Habari zenu. Huku kwetu, kuanzia mwezi wa sita, baridi hunipasua visigino hata nikijipaka asubuhi na jioni. Nilipika mafuta ya nazi mwenyewe, lakini yaliganda kama samli na baada ya wiki mbili yakaanza kunuka. Je, kuganda ndiko kulikoyaharibu? Ninafikiria kuhamia kwenye shea au mafuta ya mgando.

Mkuna Nazi: Kuganda si kuharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, nanyi huko mna baridi ya kutosha. Ninashuku maji. Yaelekea uliepua mara tu mafuta yalipojitenga na tui. Huku Pangani tunaendelea kwa moto mdogo hadi mlio ukome na mashapo yawe ya hudhurungi, kisha tunachuja kwa kitambaa kikavu na kusubiri yapoe kabisa ndipo tufunike, kwa sababu mvuke ukinaswa chini ya kifuniko hudondoka tena humo humo. Tia kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto, ukae mbali kidogo: yakirukaruka, bado yana maji.

Babu Mtaratibu: Mimi mafuta ya mgando siyagusi. Yanatokana na petroli, nayo huziba ngozi isipumue.

Nyar Gulu: Mzee wangu, ni kweli kwamba asili yake ni mafuta ghafi, ingawa husafishwa sana kabla ya kufika dukani. Ngozi, hata hivyo, haitegemei kupumua kwa vinyweleo, na huko kuziba ndiko kazi yenyewe, kwani huzuia maji yaliyomo ngozini yasipotee. Hayaongezi maji yoyote, hivyo ukiyapaka kwenye kisigino kilichokwisha kukauka utaona nafuu ndogo. Yapake mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevunyevu. Tena hayachachi, tofauti na haya mengine mawili.

Shea yetu ya kaskazini mwa Uganda, tunayoiita moo yao, ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Kokwa hukaushwa, hukaangwa, husagwa na kukandwa kwa maji hadi mafuta yaelee, ndipo yachemshwe. Kokwa zikiota ukungu, mafuta hunuka hata yakiwa mapya. Ukikuta chengachenga tu bila harufu mbaya, yalipoa polepole. Yayeyushe juu ya maji ya moto, kisha yapoze haraka.

Mama Zuu: Binti yangu alitokwa na chunusi alipopaka nazi usoni. Shea nayo itamfanyia hivyo?

Nyar Gulu: Ngozi hutofautiana, dada. Ajaribu kidogo chini ya taya kwa siku kadhaa kabla ya kupaka uso mzima.

Babu Mtaratibu: Mimi bado nina shaka na petroli.

Mkazi wa Njombe: Nimejaribu kikaangoni: yamerukaruka hadi kwenye kanga. Na kijiko nilichokuwa nikichotea, sasa ninakumbuka, nilikiacha bafuni.