Eti "fungu lenu ni bisi"! Huyu msambazaji wa filamu anatuona wa Mbeya mandondocha?

Kabwe_Juu (mleta uzi)

Wakuu, nina hasira mpaka kidole kinateleza kwenye simu, mtanisamehe herufi. Jina simtaji. Wenye kumbi kuanzia Iringa mpaka Tunduma wote mnamjua, yule anayewasha kiyoyozi cha gari kwenye baridi hii ya Mbeya.

Leo asubuhi kaleta karatasi ya mgao wa wiki. Mwenye ukumbi kamuuliza kwa adabu zote, "Bosi, mbona sehemu yetu imekonda?" Jamaa kavua miwani, kaipuliza, kaifuta na shati, kaivaa. Kisha kajibu: "Fungu lenu ni bisi."

BISI!

Haya, hesabu hii hapa. Kiingilio 5,900. Watu 800 toka Ijumaa mpaka Alhamisi. Jumla ya mlangoni 4,720,000. Ndani yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, 720,000, ambayo si yake wala si ya ukumbi. Ya kugawana ni 4,000,000. Makubaliano ya wiki ya kwanza ni 60 kwake, 40 kwa ukumbi. Mtoto wa darasa la tano anajua: 2,400,000 yake, 1,600,000 ya ukumbi.

Yeye kafanyaje? Kapiga 60% kwenye 4,720,000 yote. Kajiandikia 2,832,000 kwenye karatasi. Ukumbi ukabaki na 1,888,000, na humohumo ndimo ilipwe kodi yote, hata ya zile alizojiandikia yeye. Imebaki 1,168,000. Hapo umeme, pango, mlinzi na fundi wa projekta bado hawajagusa kitu. Ukiuliza, unafutiwa miwani na kuambiwa fungu lenu ni bisi!

Uyole_Sokoni

Nimeona "mgao" nikajua umeme. Kumbe sinema.

chizi_wa_Soweto

Mleta uzi punguza moto. Bisi zenyewe za huo ukumbi zina chumvi utadhani zimekaangwa Uvinza. Kwa hizo hata mimi ningekuachia zote.

Hesabu_Ngumu

Mkuu na wewe umepigwa kwenye hesabu yako mwenyewe. 18% ya 4,720,000 ni 849,600, si 720,000. Rudi shule kwanza.

Mzee_wa_Projekta

Hesabu_Ngumu, hapo ndipo wengi wanapoangukia. 5,900 ni bei ambayo kodi imeshaingia. Tiketi ni 5,000, kodi 900. Ukitaka kuitoa unagawa jumla kwa 1.18, hukati 18% juu ya jumla. 4,720,000 kwa 1.18 ni 4,000,000 kamili. Mleta uzi yuko sahihi.

Ila mleta uzi, matusi weka kando, leta mkataba. Umeandikwa 60% ya nini? Kama ni "mapato baada ya kodi", jamaa kajiongezea 432,000 zisizo zake, na unadai ukiwa na karatasi mkononi. Kama ni "mapato ya mlangoni" halafu kimya, kapata pa kusimama. Chukua 2,832,000 yake uigawe kwa 4,000,000, utaona hiyo 60 mliyoshangilia ni 70.8. Neno moja limekosekana, asilimia kumi na ushee imeondoka.

Kabwe_Juu

Mzee nimekuelewa, ila ile miwani! Angalau angejibu akiwa amevaa.

mjuaji_wa_mambo

Mnalia nini? Marekani studio inabeba 90% wiki ya kwanza, ukumbi unaachiwa 10. Shukuruni mna 40.

Mzee_wa_Projekta

Nusu kweli. Mikataba ya 90 kwa 10 ipo, ya mtindo wa zamani, ila hiyo 90 haikatwi juu ya jumla. Kwanza ukumbi unatoa gharama zake za wiki, kiasi kilichokubaliwa kabla. Kinachozidi ndicho kinachogawanywa 90 kwa 10. Pembeni kunawekwa kiwango cha chini, asilimia ya jumla bila kutoa gharama, na msambazaji anachukua hesabu yenye pesa nyingi kati ya hizo mbili.

Tumia namba za uzi huu. Tuseme gharama za ukumbi ni 1,900,000. Kwenye zile 4,000,000 zinabaki 2,100,000, na 90% yake ni 1,890,000. Kiwango cha chini cha 60% kinampa 2,400,000, basi anachukua hiyo. Sasa picha ikilipuka, ikaingiza 10,000,000: toa 1,900,000, 90% ya 8,100,000 ni 7,290,000. Hapo anaacha 60 yake na kukimbilia huku. Ukumbi ukijaa ndivyo anavyong'ata zaidi.

Na hilo la bisi, ingawa kalisema kihuni, kasema kweli. Bisi na soda haviingii kwenye mgao, shilingi yote ni ya ukumbi. Ndiyo maana kumbi zinakubali 60 ya wiki ya kwanza: watu wamejaa, wanatafuna. Asilimia yake inashuka wiki ya pili na ya tatu, lakini watu nao wanashuka.

Kamwene_Iringa

Kamweneni. Nyie mnalia na msambazaji mkiwa na bisi, sisi tuliotengeneza filamu tulie na nani? Sehemu ya msambazaji ilikuwa 3,000,000. Kakata 30% ya kazi yake, 900,000. Zikabaki 2,100,000. Akaleta "matangazo" 1,750,000, humo kuna mafuta ya gari na hoteli ya Makambako siku mbili. Nimeona 350,000. Bango la filamu yangu Makambako hakuna aliyeliona.

Mzee_wa_Projekta

Mliweka kikomo cha matangazo kwenye mkataba? Na risiti?

Kamwene_Iringa

Tulipeana mikono.

chizi_wa_Soweto

😂😂 Na mkono naye akaukata 30%.

mjuaji_wa_mambo

China ndiyo dawa. Tangu 2012 filamu za Marekani zinazoingia kwa kugawana mapato zinapewa 25% tu.

Uyole_Sokoni

Haya kamwambie yule wa kiyoyozi kuwa Mbeya ni China.

Kabwe_Juu

Mimi namshauri mwenye ukumbi asilipe hata senti. Aje achukue bisi!

Mzee_wa_Projekta

Usimponze. Filamu inakuja imefungwa, na ufunguo wa kidijitali umetengenezwa kwa mashine ya ukumbi huo tu, una saa ya kuanza na saa ya kuisha. Msambazaji hahitaji kuja kugombana. Ijumaa ijayo ufunguo hauji, skrini inabaki nyeusi, watu wako mlangoni. Alipe 2,400,000 isiyo na ubishi, aandike barua kuhusu 432,000, aambatanishe ripoti ya kila siku yenye namba ya tiketi ya kwanza na ya mwisho, na za bure zikiwa zimetengwa. Namba zikiruka, madai yake yanakosa nguvu.

banda_umiza_Mwanjelwa

Wenzenu tuna flashi, jenereta na mabenchi. Mia tano kichwa, Jumamosi mpira. Ufunguo ni wa kufuli la mlango.

Hesabu_Ngumu

Swali la kweli: ukumbi ambao haujasajiliwa kwenye hiyo kodi inakuwaje?

mjuaji_wa_mambo

Basi unagawana yote 4,720,000.

Hesabu_Ngumu

Hapana, hapo ungeuza tiketi 5,000, si 5,900.

mjuaji_wa_mambo

Nani kasema? Bei ni yako.

Uyole_Sokoni

Tuache kodi. Mahindi ya bisi Uyole kilo bei gani sasa? Pale nauziwa yenye mende.

chizi_wa_Soweto

Muulize mleta uzi, ndilo fungu lake.

Kabwe_Juu

😡

Kamwene_Iringa

Njoo Mafinga, ya huku yanapasuka yote. Ila njoo na gunia lako.