Mrejesho: Mbuyu uliokuwa ukimaliza hadithi mapema
Niliuliza: "Kwa nini hadithi za katuni yetu zinaisha dakika ya 4 badala ya 11, ilhali mwongozo wa mfululizo umekamilika?"

Kosa lilikuwa kwenye kanuni za ulimwengu wenyewe. Niliandika kwamba mbuyu wa Chamwino hujibu swali lolote, hivyo Chiku, mhusika wetu, akipotelewa na mbuzi aliuliza tu, na tatizo likaisha. Sasa mbuyu hujibu mara moja kwa kipindi, tena kuhusu jambo ambalo muulizaji aliliona akalisahau. Muundo wa dakika 11 ulijipanga wenyewe: pupa ya Chiku inaharibu jaribio la kwanza, jibu linaeleweka vibaya katikati, na suluhisho linatokana na kitu kilichoonyeshwa mwanzoni.

Mwandishi mgeni, niliyempa mwongozo bila maelezo ya mdomo, alifikisha dakika 11, ila kanga wake alizungumza. Sikuwa nimeandika popote kwamba wanyama hawasemi.