Wafalme wa Shang: makuhani kweli, au ramli ilikuwa mhuri tu?

Mchokozi: Wakuu, nasoma kwamba mfalme wa Shang kule China hakwenda vitani wala hakulima bila kuuliza mizimu kwa mifupa. Mimi naona ni siasa: anaamua kwanza, mizimu inaitikia baadaye. Au alikuwa kuhani wa kweli?

Kipara: Siasa tupu. Ufa kwenye mfupa hausemi kitu, anayeusoma ndiye anayesema. Na maandishi yenyewe yanarudia maneno yale yale: "Mfalme akasoma ufa, akasema..." Mchezaji ndiye huyo huyo refa.

Mwalimu Mstaafu: Kipara, hilo la kusoma ufa ni kweli, lakini tazama alichokuwa anauliza. Mfalme Wu Ding, aliyetawala toka Anyang, mji mkuu wa Shang, karibu mwaka 1200 KK, aliumwa jino. Wapiga ramli wake wakachukua magamba ya tumboni ya kobe, yaliyokwisha kuchimbwa vishimo kwa nyuma, wakayachoma moto pale kwenye vishimo mpaka mbele pakapasuka. Wanatamka jambo kwa pande mbili: "Ni Baba Geng. Si Baba Geng." Kisha Baba Jia, Baba Xin, Baba Yi, kila mmoja vivyo hivyo. Hao ni baba yake mzazi na ndugu zake watatu, wote walikuwa wafalme kabla yake, na wote anawaita baba kama tunavyofanya sisi. Wanatafuta nani amekasirika, kisha wanauliza kama Baba Geng atambikiwe mbwa na kondoo ili jino lipone. Niambieni, hapo siasa iko wapi? Mtu anaumwa jino.

Mjukuu wa Mganga: Marehemu babu yangu alipiga ramli ya mchanga, watu walikuja toka mbali. Kwa hiyo raia wa Shang nao walipanga foleni kwa mfalme kuagua shida zao?

Mwalimu Mstaafu: Hapana, mjukuu wangu. Mfalme ndiye mwenye shida. Wapiga ramli wake, kina Que na Bin, wanauliza kwa ajili yake: vita, mvua, mavuno, ndoto, ujauzito wa mkewe.

Dada Salma: Na huo ujauzito unamwangusha Kipara! Fu Hao, mke wa Wu Ding, alikuwa karibu kujifungua. Mfalme akatabiri mema, kumbe akazaliwa msichana, nao wakaandika wazi kwamba haikuwa heri. Tapeli gani anachonga aibu yake kwenye gamba? (Msichana "si heri", sawa, tumewasikia.)

Mwalimu Mstaafu: Dada, ni nusu tu. Siku za kalenda yao zilikuwa na majina, na mfalme alisema akijifungua siku ya *ding* ni heri, siku ya *geng* ni heri kubwa. Baada ya siku 31 akajifungua siku ya *jiayin*, ambayo si mojawapo. Kwa hiyo mfalme hakukosea, mlango wa kutokea alikuwa ameuacha wazi. Na maandishi yalichongwa baada ya gamba kupasuka, matokeo baadaye zaidi. Aliyeamua kipi kichongwe ni mtu wa ikulu.

Kipara: Ahaa! Mzee umenirudishia hoja yangu.

Mwalimu Mstaafu: Sehemu yake. Ila kuna jambo linalokubana. Di, mungu mkuu mwenye mvua na upepo, karibu haonekani akipewa kafara. Wanaopewa ng'ombe, na hata mateka wa Kiqiang, watu wa jirani waliopigana na Shang, ni mababu. Mfalme anafika kwao kwa sababu ni wa damu yake, na hao ndio wenye nafasi mbele ya Di. Ukuhani wake ni wa ukoo, hauhitaji kuigizwa.

Dada Salma: Basi kila mtu mwenye babu alikuwa kuhani. Shimo lililofukuliwa mwaka 1991 huko Huayuanzhuang Mashariki, hapo hapo Anyang, lilikuwa na magamba ya mwanamfalme aliyepiga ramli zake mwenyewe. Mfalme hakuwa na hatimiliki.

Mwalimu Mstaafu: Kweli. Lakini mababu wakubwa wa dola walikuwa wazee wake yeye.

Kipara: Tusonge mbele hadi mwisho wa utawala wao, kwa wafalme wawili wa mwisho, Di Yi na Di Xin. Maswali ya jino na ndoto yametoweka. Kila siku kumi ni lile lile: "Siku kumi zijazo hakuna madhara." Mara nyingi mfalme ndiye anayepiga ramli mwenyewe, na jibu lake ni "heri". Huo si mhuri?

Mwalimu Mstaafu: Wakati huo huo matambiko yalishapangwa kwenye ratiba, kila babu na siku yake, na mzunguko mzima unachukua karibu mwaka. Kwa mimi, ibada iligeuka zamu, na mwenye zamu anaweza kuamini sana.

Mjukuu wa Mganga: Au hajali tena. Babu alikuwa hivyo uzeeni.

Kipara: Basi mzee, nionyeshe gamba moja la Di Xin ambapo mfalme mwenyewe anasema mambo ni mabaya.