Akaunti ya Microsoft 365 ya ofisini imejifunga, nisubiri muda gani?

Mwananyamala_77: Wakuu, tangu saa 3 asubuhi naingiza nywila inakataa. Nimejaribu yenye herufi kubwa, yenye namba mwishoni, yenye alama ya mshangao. Sasa inasema "Your account is temporarily locked", na chini kuna AADSTS50053. Kila baada ya dakika chache najaribu tena. Inafunguka lini?

KitasaKibovu: Ni simu yako hiyo. Imehifadhi nywila ya zamani na inagonga seva kila mara. Izime, subiri dakika 1, ingia.

Bi_Mtandao: Dakika 1 ni ya kufungwa mara ya kwanza tu, baada ya makosa 10, iwapo ofisi haijabadilisha mpangilio. Ukikosea tena jaribio la kwanza kabisa baada ya muda huo, inafunga papo hapo, haikupi kumi nyingine. Ikizidi kujifunga, muda nao unarefuka. Kwa hiyo huko kubahatisha ndiko kunakokurefushia.

Simu sidhani. Mfumo unakumbuka nywila mbovu 3 za mwisho, na ile ile ikirudiwa haihesabiwi upya. Simu ikituma moja ya zamani mara mia, ni kosa moja. Wewe ndiye uliyekuwa ukibadilisha: herufi kubwa, namba, mshangao. Kila moja ni kosa jipya.

KitasaKibovu: Ofisi kwetu ilikuwa simu kweli.

Bi_Mtandao: Inawezekana. Ofisi ambazo nywila zinahakikiwa na seva yao ya ndani hazina huo msamaha wa kurudia, kila ombi linahesabiwa. Hilo aulizwe anayesimamia mfumo.

Chogo_Pwani: Mimi laini yangu inadai PUK baada ya PIN 3. Nisubiri saa ngapi?

Bi_Mtandao: Ya laini haifunguki kwa kusubiri, Chogo. PUK unapewa na kampuni ya simu. Usiibahatishe, ukikosea mara 10 laini imekufa.

Mwananyamala_77: Kwa hiyo nifanyeje, dada?

Bi_Mtandao: Acha kuandika nywila. Fungua passwordreset.microsoftonline.com, jaza barua pepe ya kazini na zile herufi za kwenye picha. Ukiulizwa, chagua "I forgot my password". Ukimaliza kuweka mpya, muda wa kufungwa unarudi sifuri na unaingia hapo hapo. Usichague "I know my password", maana saa ya kufungwa inaendelea kuhesabu kama kawaida. Kisha weka nywila mpya kwenye simu pia.

Mwananyamala_77: Inataka kutuma msimbo kwenye namba ya simu inayoishia 41. Hiyo laini sina tena.

Bi_Mtandao: Basi hapo ukurasa hautakusaidia. Msimamizi wenu abadilishe kwanza namba, ndipo urudi. Ana uwezo huo leo?

Mwananyamala_77: Yuko likizo hadi Jumatatu.