Tupeane uzoefu: maji ya moto na mba

Wa Bwiru: Wakuu, nimefunga hita ya shawa mwezi wa sita, upepo wa ziwani asubuhi mnaujua. Nikimwagia kichwa maji ya moto, muwasho unatulia palepale. Nikifika kazini kichwa kinachoma na mabega yamejaa unga. Nani amepitia hii?

Kinyozi Kirumba: Ukavu huo. Paka mafuta ya nazi, lala nayo.

Dada wa Famasi: Kinyozi, umepatia nusu. Maji ya moto yanavua mafuta ya ngozi, inabaki wazi na kuchomachoma. Lakini mba una fangasi ndani yake, yupo kichwani kwa kila mtu na chakula chake ni mafuta. Nazi unamwandalia futari. Na moto unaoweza kuuvumilia wewe haumuui yeye. Mafuta yanarudi baada ya siku moja mbili, naye anaendelea kula, ila sasa yuko juu ya ngozi iliyokwaruzwa.

Mvuvi Mstaafu: Mimi naoga ziwani tangu utoto. Mba siujui.

Dada wa Famasi: Kichocho je, mzee wangu?

Mama Igoma: Mimi nachemsha kwa mkaa. Zamani nilikuwa nachanganya kwa kukisia, mvuke unafuka. Sasa jagi la lita 2 lililochemka naliweka kwenye lita 8 za bombani. Inakuja kama nyuzi 40, hadi nivue kanga na kukoroga imeshuka kwenye 38 hivi. Najaribu kwa ndani ya kifundo cha mkono, pale kwenye mshipa: nisisikie moto wala baridi. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, povu likae dakika 5, ndipo nasuuza. Wiki ya kwanza nilitamani maji ya moto kama mtu aliyeacha sigara. Wiki ya tatu unga ukapungua sana. Kama ni maji au ni shampuu, siwezi kuapa.

Baba Pacha: Mwanangu wa miaka 6 ana mabaka ya magamba na nywele zinakatika. Nipunguze moto wa maji?

Dada wa Famasi: Hayo yanafanana na mapunye, maji hayahusiki. Mpeleke akapimwe, mara nyingi ni vidonge, shampuu peke yake haitoshi. Na pacha mwenzake mwangalie.

Wa Bwiru: Hita yangu nimeiweka kwenye moto wa chini, bado inaunguza.

Fundi Bomba: Presha ya maji ikishuka, maji yanapita polepole na kushika moto zaidi. Fungua bomba mpaka mwisho. Mtaa wenu jioni hata hivyo hayatoshi.

Wa Bwiru: Basi mwili shawa, kichwa kopo na ndoo. Ila kama maji yananiunguza ngozi, wekundu mbona sijauona?

Dada wa Famasi: Kwenye ngozi yetu nyeusi hauonekani vizuri. Sikiliza kama ngozi inakaza au kuchoma ukishajifuta.

Kinyozi Kirumba: Wateja wangu wa nazi mbona hawalalamiki?

Mama Igoma: Wana mba hao, au vipara?