Naomba ushauri: nimebadilisha fedha kwenda na kurudi, nimepata hasara

Habari zenu wanajukwaa. Nilinunua yuro 1,000 kwa safari, dukani wakiuza yuro 1 kwa dola 1.15, nikatoa dola 1,150. Siku hiyohiyo safari ikaahirishwa. Nilirudi palepale na yuro 600, nikapewa dola 630 tu, kwa sababu bei yao ya kununua ni 1.05. Zilinigharimu 690, kwa hiyo dola 60 zimepotea na ubao haukubadilika hata kidogo. Imeniuma sana, maana waliniambia hawakati kamisheni.

Nimeonyesha risiti nikiomba wanirudishie kwa bei waliyoniuzia, wamekataa. Duka la pili linanunua kwa 1.07.

Zimebaki yuro 400. Nikisubiri, bei ya kununua lazima ipande kutoka 1.07 hadi 1.15 ndipo nirudishe nilichotoa, na hilo naliona mbali.

Naomba kujua: nizibadilishe sasa nikubali hasara ya dola 32, au nizitunze kwa safari ijayo? Na je, kuna aliyewahi kukubaliana na duka kabla ya kununua kwamba zitakazobaki watazichukua kwa bei ileile? Mliandikishana vipi?