Mrejesho: Ujumbe wa shukrani kwa wapangaji wangu watatu

Niliuliza: "Wapangaji wangu watatu hawajawahi kunichelewesha kodi. Nataka kuwashukuru mwisho wa mwaka na kuwakumbusha kuwa mikataba inakaribia kuisha. Niandikeje wasihisi nawabana?"

Wakuu, nawashukuru sana. Nilifuata ushauri wa kutenganisha shukrani na mkataba. Kwa wawili, ujumbe wa kwanza ulimtaja kila mmoja kwa jambo lake; yule wa ghorofa ya juu nilimwandikia, "Asante kwa kuniita usiku ule bomba lilipopasuka, ulituokolea dari." Zawadi ikawa tengenezo dogo moja analochagua mwenyewe. Yeye akachagua kitasa cha mlango, kile cha kuinua mlango kwa goti ndipo ufunguo uzunguke. Mwaka mzima hakuwahi kukitaja, na kweli iliniuma.

Wiki moja baadaye nikatuma wa mkataba: unaisha tarehe 28 Februari, kodi haibadiliki, naomba jibu kufikia tarehe 15 Januari. Wawili wamekubali, na tumeshasaini.

Kwa wa tatu niliteleza. Mkataba wake unaisha mapema, Januari 31, nikaona muda umebana, nikaunganisha yote kwenye ujumbe mmoja na nikasahau kutaja kodi. Akaelewa kwamba namuaga kistaarabu, akaanza kutafuta nyumba. Nilimfuata mlangoni nikamweleza na kumwomba radhi. Amenielewa, lakini bado hajasaini, na sitamharakisha. Akijibu nitarudi kuwaambia.